Wimbo Ukishapunguzwa Sauti, Kinabaki Nini?

Wimbo ukipakiwa Spotify, kompyuta za huko huupitia wote kabla haujamfikia msikilizaji. Hupima ukubwa wa sauti yake kwa wastani, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha huuandikia namba moja. Namba hiyo ndiyo itakayoamua wimbo upunguzwe au uongezwe sauti kiasi gani kila unapochezwa, ili mtu anayetoka kwenye rumba la miaka ya sabini na kuingia kwenye Bongo Fleva ya wiki hii asihangaike na vitufe vya simu.

Kipimo chenyewe huandikwa LUFS. Msingi wake ni kanuni iliyotolewa mwaka 2006 na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, kwa ajili ya watangazaji wa redio na televisheni. Mita za kawaida za studio huonyesha mawimbi yamepanda hadi wapi. LUFS inajaribu kukadiria sikio linasikia nini: inaipa besi ya chini kabisa uzito mdogo, inazipa sauti kali za juu uzito zaidi, na sehemu zilizo kimya haizihesabu. Katika sauti ya kidijitali, sifuri ndiyo dari. Juu yake hakuna kitu. Kwa hiyo namba zote huwa hasi, na kadiri namba inavyokuwa mbali na sifuri ndivyo sauti inavyokuwa ndogo. Spotify kwa kawaida hucheza nyimbo kwenye -14, YouTube hali kadhalika, na Apple Music kwenye -16.

Hapo ndipo kazi yetu sisi tunaofanya mastaringi ilipobadilika. Kwa miaka mingi kila msanii alitaka wimbo wake usikike mkubwa kuliko uliotangulia redioni, na fundi aliyeweza kuusukuma zaidi ndiye aliyesifiwa. Leo ukisukuma wimbo hadi -7, Spotify inaushusha desibeli 7 na kuuweka sawa na wengine. Ukubwa ulioupata kwa kuuminya wimbo umechukuliwa, lakini maumivu ya kuuminya yamebaki ndani yake. Nataka kuonyesha jambo hilo kwa wimbo mmoja, hatua kwa hatua, kwa sababu ukiambiwa kwa maneno matupu huwa gumu kuliamini.

Tuchukue Bongo Fleva ya kawaida, dakika 3 na sekunde 20, mwendo wa mapigo 100 kwa dakika. Kuna kiki nzito, besi ya kompyuta inayoteleza, gitaa lenye ladha ya rumba, kayamba, mwimbaji wa kike, na waitikiaji wanaoingia kwenye kiitikio. Miksi imeletwa kama faili la WAV la biti 24. Nikilipima lina -18 LUFS, na kilele chake cha juu kabisa kiko kwenye -5. Yaani juu yake kuna nafasi tupu ya desibeli 5, na hiyo ni habari njema.

Mara nyingi habari haiwi njema hivyo. Prodyuza huweka limita kwenye njia kuu ya miksi ili msanii afurahi anapousikia wimbo studio, kisha husahau kuitoa. Faili likifika hivyo, vichwa vya kiki vimeshakatwa na hakuna chombo kitakachovirudisha. Mfano unaojulikana duniani ni albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika safi kuliko zilizo kwenye CD, kwa kuwa toleo la mchezo halikuminywa namna ile. Lawama zilimwendea fundi wa mastaringi, Ted Jensen, naye akaeleza kwamba miksi zilimfikia zikiwa zimeshaminywa. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa prodyuza ni hili: toa limita, niachie desibeli 3 hadi 6 za nafasi, na usilibadilishe faili kuwa MP3.

Kabla ya kugusa chochote ninausikiliza wimbo wote mara moja bila kusimama, huku nikiandika. Kisha ninaweka pembeni wimbo mwingine wa aina hiyo hiyo uliokwisha kutoka, ambao naujua vizuri, na kuushusha hadi ulingane sauti na huu. Kulinganisha huko si hiari. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi na sauti za juu kwanza, na ikiongezwa hurudi. Ndiyo maana wimbo uleule ukiongezwa desibeli moja tu huonekana umejaa na kung'aa zaidi. Fundi asiyelinganisha sauti atakubali kila badiliko linaloongeza ukubwa, akidhani ameuboresha wimbo.

Ikwalaiza ndiyo ya kwanza kufanya kazi. Katika wimbo wetu, besi inayoteleza imeacha mtikisiko chini ya hezi 30. Hakuna spika ya simu inayoweza kuutoa, na spika kubwa za ukumbini zenyewe hutikisika tu bila kutoa noti ya kueleweka, lakini mtikisiko huo unakula nafasi na baadaye utaichokoza limita bila faida. Ninaukata. Halafu kuna utando kwenye hezi 250 hivi, pale gitaa, sehemu ya juu ya besi na kifua cha mwimbaji vinapokutana. Ukisikiliza maneno ya ubeti wa pili, yanasikika kama yanatoka nyuma ya pazia. Ninapunguza desibeli 1.5 tu, kwa upana mkubwa, na pazia linafunguka. Juu ya kilohezi 10 ninaongeza desibeli moja ili kayamba ipumue.

Hizo ni namba ndogo, na lazima ziwe ndogo. Kwenye mastaringi, ukigusa hezi 250 umegusa gitaa, besi na mwimbaji kwa pamoja. Huwezi kumtibu mmoja bila wengine kunywa dawa yake. Nikijikuta natamani kupunguza desibeli 4 mahali popote, ninajua tatizo liko kwenye miksi na ninampigia prodyuza. Ndivyo ilivyo katika wimbo huu kwa herufi "s" za mwimbaji, zinazochoma kwenye kilohezi 6 na nusu. Ningeweza kuzishusha hapa, lakini kayamba nayo ingefifia. Ni dakika kumi za kazi kwa prodyuza kulirekebisha jambo hilo kwenye sauti ya mwimbaji peke yake, na anarudisha faili jipya.

Jambo moja zaidi kabla ya kuiacha ikwalaiza. Ninaibana besi yote iliyo chini ya hezi 100 iwe mono, katikati kabisa. Mafundi wa santuri walilazimika kufanya hivyo zamani, kwa sababu besi iliyotawanyika kushoto na kulia ilifanya sindano iruke nje ya mfereji. Leo sindano hakuna, ila spika za kumbi nyingi na zile ndogo za bluetuthi hucheza mono, na besi iliyotanuliwa kwa madoido ya stereo inaweza kujifuta yenyewe pande mbili zinapounganishwa. Kujua ni rahisi: bonyeza kitufe cha mono. Besi ikitoweka, au mwimbaji akisogea mbele ghafla huku muziki ukibaki mwembamba, tatizo liko hapo.

Baada ya hapo inakuja kompresa. Kazi yake ni kama ya mkono wa mtu aliyeshika kitufe cha sauti: sauti ikivuka kiwango ulichomwekea anaishusha kidogo, ikirudi anaiachia. Maamuzi yanayohitajika ni kiwango chenyewe, ashushe kwa uwiano gani, aanze haraka kiasi gani, na aachie baada ya muda gani. Uwiano hapa ni mdogo, 1.5 kwa 1, yaani kila desibeli moja na nusu inayovuka kiwango inatoka ikiwa desibeli moja. Sindano ya kompresa isishuke zaidi ya desibeli 2 wakati wa kiitikio.

Muda ndio unaoharibu nyimbo nyingi. Kitufe kilichoandikwa Attack nakiweka kwenye milisekunde 30, ili kichwa cha kiki, ule mgongo mkavu unaotangulia mvumo, kipite kabla kompresa haijashika. Ukiweka milisekunde 1, kiki inageuka kuwa pigo la mto. Kitufe cha Release kinafuata mwendo wa wimbo. Kwa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja hadi jingine ni milisekunde 600, hivyo nikiweka milisekunde 150 hadi 200 kompresa inakuwa imeachia kabisa kabla kiki inayofuata haijagonga. Isipoachia, wimbo wote unabaki umeinamishwa kichwa. Ikiachia vibaya, utasikia kayamba na mwangwi wa mwimbaji vikizama na kuibuka kila kiki inapogonga. Kompresa nyingi zina kichujio cha ndani kinachoizuia isisikilize besi. Nakiweka hezi 100, na tangu hapo kiki haiwezi tena kumzamisha mwimbaji.

Nyimbo nyingine hazihitaji kompresa hata kidogo. Kama prodyuza ameshaifanya kazi hiyo kwenye kila ala, ninaizima na kuendelea.

Limita ni ndugu wa kompresa asiye na huruma. Unaiwekea dari, na hakuna wimbi linaloruhusiwa kuipita. Kisha unaongeza sauti ya wimbo kutoka chini: vilele vinavyogonga dari vinashushwa, na kila kilicho chini yake kinapanda. Dari naiweka kwenye -1, si kwenye sifuri, kwa sababu mbili. Faili la kidijitali ni vipimo 44,100 kwa kila sekunde, na wimbi halisi linalochorwa kutoka kwenye vipimo hivyo linaweza kupanda juu zaidi katikati ya vipimo viwili kuliko namba yoyote iliyomo kwenye faili. Kuna mita zinazokadiria vilele hivyo vilivyojificha. Kitufe chake huandikwa True Peak, na lazima kiwashwe. Pili, majukwaa haya hayamchezei msikilizaji faili lako la WAV. Hulipunguza uzito, mara nyingi kuwa Ogg Vorbis au AAC, na katika kupunguza huko vilele hubadilika na vingine hupanda.

Sasa nafanya masta mbili za wimbo uleule. Ya kwanza naiongeza desibeli 8. Kilele kilichokuwa -5 kingefika 3 juu ya sifuri, hivyo limita inashusha mapigo makubwa kabisa kwa desibeli 4. Wimbo unatoka ukiwa na -10.2 LUFS. Ya pili ndiyo ile ambayo msanii huiomba akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Naiongeza desibeli 11.5, na limita inalazimika kukata desibeli 7.5 kwenye mapigo hayo hayo. Inatoka na -7.4. Ukizicheza moja baada ya nyingine bila kugusa kitu, ya pili inashinda mara moja. Kila mtu chumbani ataichagua.

Zipeleke zote mbili kwenye Spotify. Ya kwanza inashushwa desibeli 3.8, ya pili inashushwa 6.6, zote zifike -14. Sasa zina ukubwa mmoja, lakini angalia vilele. Vya ya kwanza, vilivyokuwa kwenye -1, sasa viko -4.8. Vya ya pili viko -7.6. Kiki ya masta ya kwanza inapanda karibu desibeli 3 juu zaidi ya ile ya pili, kwenye jukwaa lilelile, kwa msikilizaji yuleyule. Masta iliyoonekana ndogo studio ndiyo inayogonga simuni.

Hasara haiishii kwenye kiki. Katika miksi, kiitikio kilikuwa na desibeli 3 juu ya ubeti, na ndiyo maana waitikiaji walipoingia wimbo ulifunguka. Katika masta ya pili, kiitikio kilikuwa kinagonga dari muda wote huku ubeti ukipanda kutoka chini, na tofauti ikabaki ndogo kiasi kwamba waitikiaji wanaongezeka bila wimbo kukua. Namwonea huruma mtunzi hapo. Alitafuta namna ya kuinua kiitikio, akaipata, nasi tukaisawazisha.

Kujua kama limita imezidi, kuna njia ninayoiamini kuliko mita. Limita nyingi zina kitufe cha Delta, kinachokuchezea kile tu kilichoondolewa. Kwenye masta ya kwanza nasikia mibofyo mifupi kila kiki inapogonga, basi. Kwenye ya pili nasikia maneno ya mwimbaji kiasi cha kuyafuata. Limita ikianza kula sauti ya mtu, rudi nyuma. Dalili nyingine ni besi inayokwaruza, na hiyo husababishwa na Release fupi mno. Noti ya hezi 50 huchukua milisekunde 20 kukamilisha wimbi moja. Limita ikishika na kuachia ndani ya muda huo, inakuwa inalibadilisha umbo wimbi lenyewe, na besi laini inageuka kuwa mlio wa spika iliyochanika.

Usinielewe kwamba kila wimbo ufikishwe -14. Nimekutana na mafundi vijana wanaoichukua namba hiyo kama amri, na nadhani wanakosea. Ni kiwango cha kuchezea, na masta yangu ya kwanza yenyewe ina -10.2. Bongo Fleva yenye kiki nzito na besi ndefu husikika imeshikana ikiminywa kidogo. Taarabu yenye fidla na kanuni ingepoteza pumzi kwa kiasi hicho hicho, na ningeiacha kwenye -14 au hata chini yake. Isitoshe, si kila mahali wimbo unasawazishwa. Spotify ya kwenye kivinjari haisawazishi. Faili linalotumwa kwa WhatsApp halisawazishwi, wala lile analolicheza DJ ukumbini kutoka kwenye kompyuta yake. Wimbo wenye -16 katikati ya nyimbo za -8 ukumbini utaonekana mgonjwa, ingawa DJ mzuri atausogeza mwenyewe. Kwa hiyo ninatafuta pale ambapo kusukuma zaidi kunaanza kuuumiza wimbo, na ninasimama kabla yake. Kwa wimbo huu ni kwenye -10 na kitu; kwa mwingine itakuwa kwingine.

Kinachobaki ni ukaguzi. Nalitoa faili la biti 24 lenye vipimo 44,100. Kama msambazaji anataka biti 16, nawasha kitufe cha Dither, kinachoongeza kelele ndogo sana ili mwisho wa wimbo unapofifia usikwaruze. Nalibadilisha nakala moja kuwa AAC na kupima vilele vyake tena. Katika wimbo wetu vilele vya nakala hiyo vilipanda kutoka -1 hadi -0.6, bado salama. Vingevuka sifuri ningeshusha dari hadi -2, ambayo ndiyo Spotify wenyewe wanayoipendekeza kwa wimbo ulio juu ya -14. Kisha nausikiliza wote kwenye simu, bila hedifoni, sauti ikiwa nusu. Spika ya simu karibu haina kitu chini ya hezi 200, hivyo kama mstari wa besi haufuatiki hapo, besi haina rangi ya juu ya kutosha, na ni kazi ya prodyuza kuiongezea mchubuko kidogo.

Wimbo ukishatoka, mtu yeyote anaweza kukagua kazi ya fundi wake. Ufungue YouTube kwenye kompyuta, bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague Stats for nerds. Kwenye mstari wa sauti, masta yangu ya kwanza ingeonyesha `content loudness 3.8dB`, na karibu yake asilimia 65, kwamba YouTube inaicheza kwa asilimia hiyo ya nguvu yake. Ya pili ingeonyesha 6.6 na asilimia 47. Namba ikiwa hasi, wimbo uko chini ya kiwango, na YouTube, tofauti na Spotify, haitaupandisha, itaucheza ulivyo.